Mgeni Hakulala: Umjibu Nini?

Ujumbe umeingia kwenye simu ya mapokezi alfajiri: “Mota ya maji imenguruma chini ya dirisha langu tangu saa saba mpaka saa kumi usiku. Nina kikao saa mbili, sijalala kabisa.” Gesti ina vyumba sita. Maji ya bomba mtaani hutoka usiku tu, na bila mota hayapandi kwenye simtanki.

Mhudumu wengi wangekimbilia kueleza habari za mgao wa maji. Maelezo ni ya kweli, lakini yakitangulia mgeni huyasikia kama utetezi. Kibaya zaidi ni kumwambia kwamba wageni wengine hawakulalamika, maana hapo umemwita mwongo kwa upole. Mimi ningejibu hivi:

“Shikamoo baba. Pole sana kwa usiku wa jana. Ni kweli mota iliwashwa saa saba ikazimwa saa kumi, na iko chini ya dirisha lako. Tulipaswa kukueleza ulipofika, au kukupa chumba kingine. Tunaomba radhi. Chumba namba 5 cha upande wa nyuma kiko wazi. Ukipenda, ukirudi kikaoni tutakusaidia kuhamia, bei ni ileile. Ukibaki hapohapo, usiku wa leo hatutawasha mota, kwa kuwa tanki limejaa. Likitokea lolote usiku, piga namba hii.”

Ujumbe huo umetaja mota na saa zake, kwa hiyo mgeni anajua kuwa umesomwa na umefuatiliwa. Mgao wa maji haumo, akiuliza, ataelezwa. Kurudishiwa hela nako hakumo. Mhudumu asiahidi hela kabla hajaongea na mwenye gesti, kwani ahadi ikivunjwa mchana malalamiko yatakuwa mawili.

Kelele zikiwa za jirani, tuseme ngoma ya harusi au muziki wa baa, jibu hubadilika. Pole inabaki palepale, lakini kosa si lako, na huna mamlaka ya kuahidi kimya. Andika ulichokifanya tu: “Nimeongea na mwenye baa, amesema atapunguza sauti saa tano.” Kama hujaongea naye, usiandike hivyo, mpe mgeni chumba cha mbali na ukuta huo. Adhana ya alfajiri nayo haiombewi radhi. Anayelala karibu na msikiti huambiwa mapema, anapochagua chumba.

Ujumbe uende asubuhi hiyohiyo, kabla mgeni hajafunga begi. Ukishautuma, mtafute mlinzi wa usiku umwambie. Yeye ndiye anayewasha mota, na ujumbe wako hajausoma.