Kahawa Ileile, Vikombe Vinne

Ilikuwa saa tisa alasiri, mkahawa mtupu, ndiyo maana barista alikubali ombi langu: anitengenezee kahawa nne za maziwa, zote kwa buni ileile na maziwa yaleyale, na kila kinachoingia kikombeni tukipime kwenye mizani. "Sasa kaka, utazinywa zote?" aliniuliza. Nikamwambia nitaanza halafu tutaona.

Nilitaka kumaliza ubishi wa muda mrefu mezani kwetu. Rafiki yangu mmoja hushikilia kuwa flati waiti ni kapuchino iliyopandishwa bei tu. Mwingine haagizi late kwa sababu, anasema, haina kahawa ndani yake. Wote wawili wana chembe ya ukweli, na wote wawili wamekosea.

Msingi wa vikombe vyote vinne ni espreso. Barista alipima gramu 18 za kahawa iliyosagwa laini, akaishindilia, na mashine ikasukuma maji ya moto ndani yake kwa shinikizo. Baada ya karibu nusu dakika tulikuwa na gramu 36 za kahawa nzito, nyeusi, yenye utando wa rangi ya asali juu. Hiyo ndiyo wanayoiita dabo. Tulikubaliana kila kikombe kipate dabo moja, isiongezeke wala kupungua. Kwa hiyo kiasi cha kafeini katika vikombe vyote kilikuwa karibu sawa, na late ya yule rafiki yangu ilikuwa na kahawa yote anayodai haimo. Kilichobadilika ni maziwa yaliyoizunguka, na hewa iliyomo ndani ya maziwa hayo.

Tulianza na kortado kwa kuwa ndiyo rahisi. Inatoka Hispania, na jina lenyewe lina maana ya kitu kilichokatwa: maziwa yanakata ukali wa kahawa. Barista aliweka maziwa kama mililita 40, karibu nusu kwa nusu, kwenye bilauri ndogo. Povu halikuwepo la kuzungumzia. Nilipoinywa, kahawa ndiyo iliyotangulia ulimini, uchungu wake ukiwapo lakini umelainishwa. Anayependa kahawa chungu ya barazani, ila tumbo lake halimruhusu tena, anaweza kuanzia hapa. Kuna wanaoitengeneza kwa maziwa mara mbili ya kahawa, na bado wako ndani ya mipaka. Ikifika kwenye bilauri kubwa, hiyo si kortado tena.

Flati waiti ndiyo iliyonifundisha zaidi, kwa sababu tuliitia kwenye kikombe sawa kabisa na cha kapuchino, cha mililita 160 hivi. Kahawa hii ilivuma Australia na Nyuzilandi kuanzia miaka ya 1980, na hadi leo nchi hizo mbili zinagombania nani aliianza. Kwa macho zinafanana na kapuchino. Kwenye mizani hazikufanana. Flati waiti ilimeza maziwa mililita 110, wakati kapuchino ilichukua 90 tu na ikajaa hadi ukingoni. Nafasi iliyobaki ilijazwa na hewa.

Hewa hiyo inaingiaje? Maziwa hutoka kwenye friji yakiwa baridi, yakamiminwa kwenye jagi la chuma. Barista huweka ncha ya bomba la mvuke chini kidogo tu ya uso wa maziwa, na hapo husikika mlio kama wa karatasi inayochanwa polepole. Huo ndio mlio wa hewa inayofyonzwa. Protini za maziwa huzunguka kila kiputo na kukifunga kisipasuke. Jagi likianza kuwa na joto la mwili, ncha huzamishwa, mlio unakoma, na maziwa yanazungushwa kama maji ya kimbunga ili viputo vikubwa vivunjwevunjwe viwe vidogo visivyoonekana. Joto likifika nyuzi 60 hivi za selsiasi, pale kiganja kinaposhindwa kuendelea kushika jagi, mvuke unazimwa.

Kwa flati waiti mlio wa karatasi ulidumu muda mfupi sana. Maziwa yakatoka yakiwa mazito na yanang'aa kama rangi ya mafuta iliyokorogwa, na juu ya kikombe povu halikuzidi nusu sentimita. Kwa kapuchino aliacha hewa iingie kwa muda mrefu zaidi, na povu likapanda kupita sentimita moja. Jina lenyewe linahusishwa na rangi ya kanzu za watawa Wakapuchini. Ukinywa, kitu cha kwanza kugusa mdomo ni wepesi, kisha kahawa inatokea chini yake kwa ghafla na ukali unaoonekana kuzidi wa flati waiti. Si mawazo tu: maziwa yake kweli ni machache. Flati waiti yenyewe ina ladha moja tangu fundo la kwanza hadi la mwisho, kwa kuwa maziwa na kahawa vimeungana.

Anayetaka kuzitofautisha bila mizani achukue kijiko, asukume uso wa kinywaji taratibu kwa mgongo wa kijiko. Kapuchino itafunguka kama mto wa sufi na kuonyesha unene wake. Flati waiti itafunua kahawa papo hapo.

Kuhusu late sina mengi. Kwa Kiitalia neno hilo ni maziwa tu, na anayeagiza "late" Roma bila kutaja kahawa asishangae akiletewa glasi ya maziwa. Yetu ilikuwa ya mililita 300: dabo ileile, maziwa kama 240, na povu jembamba. Hapo kahawa imekuwa kama kiungo kwenye mchuzi. Ni tamu bila sukari, maana maziwa yenye joto la kiasi husikika matamu zaidi kuliko yakiwa baridi.

Utamu huo hupotea kirahisi. Maziwa yakipita nyuzi 70 huanza kunuka kama yaliyochemka kwenye sufuria, na povu lake hulegea. Yaliyokwisha kuchemshwa mara moja hayafai kurudishwa kwenye mvuke. Viputo vinavyoonekana kwa macho, kama povu la sabuni ya kufulia, ni dalili kuwa hewa iliingizwa kwa pupa na haikuzungushwa. Na povu kavu linalokaa juu kama kofia, unaloweza kulibeba lote kwa kijiko, halijaungana na kitu. Chini yake utakuta maziwa membamba.

Majina kwenye menyu nayo hayafungi mtu. Ipo mikahawa inayouza kapuchino ya mililita 350, ambayo kwa uwiano wake ni late iliyovaa povu. Ipo inayotumia nusu ya dabo kwenye kikombe kidogo, na hapo hesabu yangu yote ya kafeini inavunjika. Kwa hiyo siku hizi nauliza mambo mawili kabla ya kulipa: ni dabo au singo, na nionyesheni kikombe.

Kortado niliimaliza, flati waiti niliimaliza, late tuligawana na barista. Kapuchino niliisahau wakati naandika vipimo. Nilipoigeukia baada ya dakika kumi hivi, povu lilikuwa limenywea, na kikombe kilichojaa hadi ukingoni kilikuwa kimeshuka upana wa kidole bila mtu kukigusa.