TAA ZENYE MTOTO WA JICHO
Jinsi ya kuondoa utando wa manjano katika taa za motokaa

Siku hizi zipo motokaa nyingi vijijini zilizo kama mzee mwenye mtoto wa jicho. Injini yapiga vizuri, breki zashika, lakini macho yake mawili ya mbele yamefanya utando wa manjano. Mchana hakuna anayejali. Shida huja usiku, pale mgonjwa anapopakiwa kupelekwa hospitali, na barabarani yuko mtu aendaye kwa miguu au mwenye baiskeli isiyo na taa. Dereva humwona akiwa ameshamfikia.

Katika mwaka 2018 chama cha wenye motokaa cha Amerika, kiitwacho AAA, kilipima taa za namna hiyo. Kilikuta kwamba taa zilizochakaa hutoa mwanga wa kadiri ya sehemu 2 tu katika sehemu 10 za taa mpya. Ziliposafishwa vizuri zilirudi hata kadiri ya sehemu 7. Basi kazi hii ina faida ya kweli, na mtu mwenye subira aweza kuifanya nyumbani kwa nusu siku.

Manjano hayo yatoka wapi?

Zamani taa za motokaa zilikuwa na kioo, na kioo hakigeuki manjano. Siku hizi uso wa taa ni wa plastiki ngumu. Plastiki hiyo haivunjiki upesi ikipigwa na jiwe, lakini jua ni adui yake. Kwa hiyo kiwandani huipaka vanishi nyembamba isiyoonekana, nayo ndiyo ngao yake. Miaka inapopita, jua huila vanishi hiyo mpaka ikageuka manjano, ikapasuka vipande vidogo vidogo na kuanza kubanduka. Mchanga na vumbi la barabarani huongeza mikwaruzo. Kumbe, ule utando tunaouona si uchafu, bali ni ngao iliyokufa. Hii ndiyo sababu haitoki kwa sabuni na maji.

Chunguza kwanza

Mwagia taa maji safi, kisha uitazame ikiwa bado imelowa. Ikiwa inang'aa, na inarudi kufifia ikikauka, ugonjwa uko nje nawe waweza kuuponya. Lakini ukiona matone ya maji ndani ya taa, au nyufa nyembamba kama utando wa buibui zilizozama katika plastiki yenyewe, usijisumbue. Kusugua nje hakutafika huko, na taa ya namna hiyo ni ya kubadilisha.

Dawa ya meno yafaa kwa nini?

Watu wengi husifu dawa ya meno, nao hawasemi uongo. Ndani yake mna unga laini sana unaokwangua uchafu wa meno, na unga huo huo hukwangua taa. Chukua ile nyeupe ya kawaida, wala si ile inayopitisha mwanga kama jeli. Osha taa, weka dawa kidogo katika kitambaa cha pamba chenye unyevu, usugue kwa kuzungusha muda wa dakika 5, kisha suuza. Kitambaa kitageuka manjano na taa itang'aa.

Lakini dawa hiyo yafaa kwa ukungu mwepesi tu. Ikiwa vanishi imekufa kabisa, utaondoa sehemu ya juu tu, na baada ya majuma machache ukungu utarudi. Hapo pahitaji msasa.

Kazi ya msasa

Tuchukue mfano wa Toyota ndogo ya mwaka 2004 iliyonunuliwa Japani ikiwa imekwisha tumika, na kwa miaka mingi imelala juani bila kivuli. Taa zake ni za manjano, na juu vanishi inabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Nunua msasa wa maji, ule mweusi usioharibika ukilowa. Nyuma yake pana namba. Namba ikizidi kuwa kubwa, msasa huwa laini zaidi. Kwa taa hizi tutatumia 1000, 1500, 2000 na 3000. Kwanza bandika utepe wa gundi mara mbili pande zote za taa, juu ya boneti na bampa, maana msasa ukigusa rangi utaiharibu mara moja. Loweka msasa dakika 10 katika maji yenye sabuni kidogo. Fanya kazi kivulini, taa ikiwa baridi, na maji yasikauke hata kidogo.

Anza na 1000, ukisugua kwa mistari iliyonyoka kutoka kushoto kwenda kulia. Tazama maji yanayotiririka. Kwanza yatakuwa ya manjano. Hiyo ndiyo vanishi inayotoka. Yakigeuka meupe kama maziwa, umefika kwenye plastiki yenyewe. Kausha uangalie. Taa yote yapasa kuwa imefifia sawasawa. Ukiona mahali panang'aa kama visiwa, hapo vanishi ya zamani bado ipo. Endelea, maana ukiiacha itaonekana kama madoa mwishoni.

Usishtuke kuona taa sasa ni nyeupe kama barafu. Shika 1500 usugue kutoka juu kwenda chini, mpaka mistari ya kwanza yote ipotee. Kisha 2000 kwa kulala tena, na mwisho 3000 kwa kusimama. Kila msasa wataka dakika 5 hata 10, na suuza vizuri kila unapobadilisha. Wanaoharibu kazi ni wale wanaoruka namba. Mikwaruzo ya 1000 haiondolewi na polishi, nayo huonekana usiku taa zikiwashwa.

Baada ya 3000 paka polishi ya rangi ya motokaa, ile nzito ambayo mafundi huiita kompaundi, na kusugua kwa kitambaa safi cha pamba mpaka taa ing'ae. Asiye na polishi aweza kumalizia na dawa ya meno. Ukitumia mashine, usikawie mahali pamoja, kwani joto huyeyusha plastiki. Na kamwe usitumie petroli, tina wala dawa ya kuua wadudu, plastiki itapasuka.

Maliza taa moja kwanza. Jioni simamisha motokaa hatua 5 mbele ya ukuta, uwashe zote mbili, nawe utaona tofauti.

Usiiache uchi

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakiona taa zinang'aa hufurahi na kwenda zao, kumbe wameondoa ngao ya zamani bila kuweka mpya. Jua sasa linapiga plastiki tupu, na baada ya miezi michache taa huwa manjano kuliko zamani.

Dawa ya kudumu ni vanishi ya motokaa isiyo na rangi, yenye kinga ya jua. Ile inayochanganywa na kigumu chake hudumu zaidi, bali mvuke wake hudhuru mapafu. Mwachie fundi rangi mwenye kinyago cha kazi hiyo. Asiyeweza gharama hiyo na apake nta ya motokaa kila mwezi, tena asimamishe gari lake kivulini, au afunike taa kwa gunia kuukuu. Nta si ngao kamili, lakini itazuia manjano yasirudi upesi.