Memori Kadi au Simu ya GB Nyingi: Picha Zako Zikae Wapi?

Mnunuzi amewekewa simu mbili juu ya kaunta. Moja ina GB 128 na sehemu ya kuchomeka memori kadi. Nyingine imeizidi bei kidogo, ina GB 256, ila kadi haiingii. Muuzaji hana haja ya kufikiri: chukua hii ya 128, ikijaa utaongeza kadi. Zamani ushauri huo ulitosha. Siku hizi ni nusu ya ukweli, na ndiyo maana kuna watu wanaosumbuliwa na ujumbe wa kwamba simu imejaa wakati kadi yao haijafika hata robo.

Sababu ni kwamba simu haigawi mzigo wake sawasawa kati ya hifadhi yake ya ndani na kadi. Programu nyingi za Android hukaa ndani na hazihamishiki. WhatsApp nayo huweka picha na video zote za magumzo ndani ya simu, kwenye folda iliyo chini ya `Android/media/com.whatsapp`, na haina mpangilio wa kuzielekeza kwenye kadi. Mtu aliye kwenye kundi la ukoo, la kamati ya harusi na la kikoba anaweza kupokea video nyingi kila siku, na zote zinaingia upande ambao kadi haiusaidii. Unaweza kuzihamisha kwa mkono, lakini ukirudi kwenye gumzo husika utakuta WhatsApp inadai faili halipo.

Kinachokubali kwenda kwenye kadi bila ubishi ni picha na video unazopiga mwenyewe. Kwenye simu za Samsung, kwa mfano, unafungua mipangilio ya kamera, unatafuta `Storage location`, kisha unachagua `SD card`. Kwa hiyo kabla ya kuamua, jiulize kwanza ni nini kinachoijaza simu yako. Kama ni programu na WhatsApp, kadi haitakuponya. Kama ni kamera yako mwenyewe, hapo kadi ina kazi ya kufanya.

Hesabu ya mwaka mmoja

Tuchukue mzazi ambaye kila wiki anapiga picha 50 na kurekodi video za watoto zinazofika dakika 10 kwa jumla. Picha moja ya kawaida ina uzito wa MB 4 hivi, kwa hiyo picha 50 ni MB 200. Video ya ubora wa 1080p kwenye simu nyingi hula takriban MB 130 kwa dakika, kwa hiyo dakika 10 ni MB 1,300. Jumla ni GB 1.5 kwa wiki, sawa na GB 78 kwa mwaka.

Sasa tuirudishe hesabu hiyo kaunta. Tuseme mfumo wa simu, programu na WhatsApp vinakula GB 50. Simu ya GB 128 inabakiwa na GB 78, ambazo zitamtosha mzazi huyu mwaka mmoja. Ile ya GB 256 inabakiwa na GB 206, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu. Watu wengi kufikia hapo wameshaanza kuwaza simu nyingine. Lakini akibadili kamera irekodi kwa 4K, dakika moja inapanda hadi karibu MB 360, na mwaka wake unafika GB 197. Hapo hata ile simu kubwa inajaa ndani ya miezi 13 tu.

Hesabu hii inaonyesha kwamba uchaguzi wa ubora wa video unaweza kuwa na uzito kuliko uchaguzi wa simu. Anayerekodi 1080p anaweza kuishi na GB 256 bila kadi. Anayependa 4K atahitaji mahali pengine pa kuweka video zake, awe amenunua simu ipi.

Kadi ipi, na kwa kazi gani

Juu ya memori kadi kuna alama ndogo ambazo wengi hawazisomi. Namba 10 iliyozungukwa na herufi C inamaanisha kadi inaahidi kuandika angalau MB 10 kila sekunde. Namba 3 ndani ya herufi U, au V30, inaahidi angalau MB 30. Wengi hudhani alama ya juu inahitajika ili kurekodi, lakini video ya 4K tuliyoipigia hesabu inahitaji MB 6 tu kwa sekunde. Kadi halisi yenye C ya 10 inaimudu.

Tofauti inajitokeza unapohamisha mzigo. Kunakili GB 20 kwa kasi ya MB 10 huchukua zaidi ya nusu saa, ilhali kwa MB 30 ni dakika 11 hivi. Hifadhi ya ndani, hasa ya aina ya UFS iliyopo kwenye simu za daraja la kati na la juu, huandika mamia ya MB kwa sekunde, ndiyo maana matunzio yenye maelfu ya picha hufunguka haraka yakiwa ndani na huvuta miguu yakiwa kwenye kadi. Kasi hiyo ni moja ya mambo yaliyosukuma kadi nje ya simu za bei kubwa. Samsung waliiondoa kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wakairudisha kwenye S7 mwaka uliofuata, kisha wakaiondoa tena kwenye S21 mwaka 2021.

Angalia pia trei ya laini. Kwenye baadhi ya simu trei ina nafasi mbili tu: ama laini mbili, ama laini moja na kadi. Mtu anayepokea pesa kwa laini ya mtandao mmoja na kununua bando kwenye mwingine atagundua kwamba kadi imemfukuzia laini ya pili. Mwombe muuzaji aivute trei uione kabla hujalipa.

Simu inapokufa, kadi inapokufa

Simu ikizama majini na bodi yake ikaungua, kadi inachomolewa, inakaushwa, inachomekwa kwenye simu nyingine, na mara nyingi picha zinaonekana kama zilivyokuwa. Picha za ndani zina hali ngumu zaidi. Simu za Android za miaka ya karibuni huandika data kwa fumbo ambalo ufunguo wake umefungamana na chipu za bodi ileile. Fundi hawezi kuing'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwingine. Lazima aifufue bodi yenyewe hadi simu iwake na wewe uingize namba ya siri.

Fumbo hilohilo ndilo linalokulinda simu ikiibwa. Mwizi asiyejua namba yako ya siri hawezi kuziona picha zilizo ndani, lakini kadi ya kawaida ataichomoa na kuifungua kwenye kompyuta yoyote. Picha za vitambulisho, hati za kiwanja na mambo ya faragha zisikae kwenye kadi.

Ipo njia ya kuipa kadi fumbo pia. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu hukuuliza kama unataka `Format as internal storage`, yaani kadi igeuzwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Chaguo hilo huvutia kwa sababu linaruhusu hata baadhi ya programu kuhamia huko. Gharama yake ni kwamba kadi inafungwa na simu hiyo moja. Simu ikifa, kadi inabaki nzima lakini haisomeki popote, kwa hiyo umepoteza ile faida kubwa ya kadi. Kwa ajili ya picha, acha kadi iwe hifadhi ya kubebeka.

Kadi nayo hufa, na kwa kawaida hufa mapema kuliko hifadhi ya ndani, hasa zile za bei ya chini. Dalili zake zinajulikana. Picha huanza kuonekana za kijivu au nusu. Simu hudai kadi imetolewa ilhali hujaigusa. Dalili mbaya kuliko zote ni ya ajabu kidogo: unafuta picha, unazima na kuwasha simu, picha zinarudi. Maana yake kadi imejifunga na haipokei tena mabadiliko, inasomeka tu. Usihangaike kuifuta. Nakili kila kitu siku hiyohiyo, kisha iache. Na simu ikikuomba uiumbize upya kadi yenye picha, kataa. Kabla chochote kipya hakijaandikwa juu yake, programu ya bure ya kompyuta iitwayo PhotoRec huweza kuokoa picha nyingi.

Halafu zipo kadi zilizozaliwa wafu. Kadi bandia huwa na kumbukumbu ya GB 16, tuseme, lakini imefunzwa kuiambia simu kuwa ina GB 256. Kila kitu huenda sawa hadi zile 16 zijae. Baada ya hapo kadi huendelea kupokea picha bila kulalamika, majina ya mafaili yanaonekana, lakini ndani hamna kitu, au picha mpya zinafuta za zamani. Ukiona bei imeshuka mno kuliko maduka mengine, shuku. Njia ya kuhakikisha ni kuijaza yote kabla ya kuiamini. Kwenye Windows, programu ya bure ya `h2testw` huandika data hadi kadi ijae, kisha huisoma na kukuambia kiasi halisi. Kwa kadi kubwa kazi hiyo huchukua saa kadhaa. Usiye na kompyuta, nakili video hadi kadi ijae, kisha fungua za mwanzo na za mwisho. Zote zikicheza, kadi ni ya kweli.

Basi achukue ipi?

Hifadhi ya ndani ichaguliwe kwa ajili ya vitu visivyohama: programu, WhatsApp na picha za miezi ya karibuni. Kwa mtu anayetumia makundi mengi, GB 128 sasa ni kama kiwango cha chini. Kama bei inaruhusu na anarekodi 1080p, simu ya GB 256 itampunguzia kero kuliko kadi yoyote. Anayerekodi sana, au anayejua simu yake huanguka na kulowa, achukue yenye trei ya kadi, akague trei hiyo, na apige picha ndani kisha azihamishie kwenye kadi kila mwezi: anakili, afungue chache kuhakikisha zimefika, ndipo afute za ndani.

Hata hivyo, picha iliyo kwenye kadi ndani ya simu na iliyo kwenye hifadhi ya simu hiyohiyo zote huondoka na mwizi mmoja. Kadi inapunguza msongamano, haihesabiki kuwa nakala ya akiba. Kwa zile picha ambazo hutavumilia kuzipoteza, nunua kadi ya pili au flashi, zinakili humo, na uiache nyumbani.