Masharti ya tiketi kwa Kiswahili kinachoeleweka

Masharti yaliyo nyuma ya tiketi ya basi au boti husomwa siku mambo yakiharibika. Msiba umetokea, mgonjwa amezidiwa, au foleni imemkwamisha mtu Mbezi na boti ya Unguja imebakiza dakika chache kuondoka. Hapo ndipo tafsiri mbovu humla abiria nauli yake.

Tuseme tiketi ya boti ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja imeandikwa Ijumaa, 12:30. Masharti yake ya Kiingereza yanaruhusu kubadilisha tarehe, mradi zimebaki saa 24 au zaidi kabla ya safari. Mfasiri mwenye haraka huandika: "Mabadiliko yanaruhusiwa ndani ya saa 24 kabla ya safari." Sentensi inasomeka vizuri, ila imepindua sharti. Anayeisoma ataona kwamba saa 24 za mwisho ndizo alizopewa, kumbe ndizo alizonyimwa. Atafika kaunta Alhamisi jioni bila wasiwasi, na ataambiwa muda umepita tangu mchana.

Mimi ningeandika hivi: "Ukitaka kubadilisha tarehe, njoo zikiwa zimebaki saa 24 au zaidi kabla ya boti kuondoka." Na kama tiketi inachapwa kwa kila abiria, hakuna sababu ya kumwachia hesabu: andika "mwisho ni Alhamisi, saa 6:30 mchana".

Saa sita na nusu hiyo ndiyo ile 12:30 ya kwenye tiketi, na hapa inahitajika hadhari kubwa zaidi. Tiketi inasema 7:00, abiria anasema saa moja asubuhi. Ukiandika "saa 7:00 asubuhi", mmoja atafika saa moja, mwingine atakwenda kwanza sokoni akijua safari ni saa saba. Iache namba kama ilivyochapwa, kisha andika pembeni kwa maneno: saa moja asubuhi.

Usiku ni hatari zaidi, hasa tangu mabasi ya mikoani yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023. Tiketi ya Ijumaa, 00:30, ni ya saa sita na nusu usiku. Lakini mtu akisema anasafiri Ijumaa usiku, atakwenda stendi Ijumaa baada ya kula chakula cha jioni, wakati basi lake limeondoka tangu jana yake usiku. Kiswahili kina namna yake ya kulisema jambo hili bila utata: usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Nashangaa kwa nini maneno hayo hayamo kwenye kila tiketi ya usiku.

Sharti jingine linalopotosha ni "tiketi haihamishiki". Wengi huelewa kwamba tarehe haibadilishwi, kumbe mwenye chombo amekusudia kwamba mtu mwingine hawezi kuisafiria. Andika hivyo hivyo: "Tiketi hii ni ya aliyetajwa jina tu." Vilevile "safari ikiahirishwa nauli hairudishwi" inaficha aliyeahirisha. Abiria akighairi ni jambo moja, kampuni ikighairi ni jambo jingine kabisa. Mfasiri asikubali kuiacha sentensi hiyo bila mtendaji. Kama maandishi ya awali hayamtaji, amuulize aliyempa kazi.

Ada ya kubadilisha nayo ifafanuliwe kwa hesabu. Kwa mfano, ulilipa nauli ya shilingi 30,000, safari mpya ni 35,000, na ada ya kubadilisha ni 5,000. Utaongeza 10,000: nusu yake ni ada, nusu ni tofauti ya nauli. Masharti yakisema tu "ada ni 5,000", abiria atakuja na elfu tano mkononi, na ugomvi na karani utaanza hapo hapo dirishani.

Kwenye mizigo, tatizo ni neno "mzigo" lenyewe. Kwa abiria, mzigo ni begi la nguo, na ni gunia la mchele pia. Kwa kampuni, la kwanza huenda limo ndani ya nauli na la pili lina malipo yake. Kwa hiyo andika "begi la abiria" pale inapohusu begi, na "mzigo wa biashara" pale inapohusu bidhaa. Halafu, "mabegi mawili, kilo 25" ni kilo 25 kwa yote mawili, au kila moja? Tofauti ni kilo 25 nzima, na zikizidi zinalipiwa. Neno "jumla" au "kila moja" linatosha kumaliza utata, lakini liandikwe pale pale penye kilo, na libandikwe pia ukutani karibu na mzani, maana abiria mwenye begi kichwani hageuzi tiketi kusoma nyuma.