Safari ya 11000000 hadi 192

Geuza ruta ya intaneti ya nyumbani au ya ofisini, usome kibandiko kilicho chini yake. Karibu na jina la waifai na nywila utakuta namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, mara nyingi 192.168.1.1, pengine 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Ukiiandika namba hiyo kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na ruta hiyo, kwa kawaida hufunguka ukurasa wa mipangilio. Hiyo ndiyo anwani ya ruta. Nyumba nyingi zina anwani inayoanza na 192.168 kwa sababu kundi hilo lilitengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani, kwa waraka wa kiufundi wa mwaka 1996 uitwao RFC 1918.

Mwanafunzi wangu mmoja wa darasa la jioni aliitazama anwani hiyo kwa muda, kisha akauliza: “Mwalimu, mbona kwenye hizi anwani sijawahi kukuta 300? Hata 256 sijaiona.”

Jibu halipatikani kwenye kibandiko, kwa sababu ruta yenyewe haiijui 192 kwa sura hiyo. Ndani yake anwani imekaa hivi:

```
11000000 10101000 00000001 00000001
```

Ni makundi manne, kila kundi lina tarakimu nane, na kila tarakimu ni sifuri au moja. Tarakimu moja ya namna hii huitwa biti, na kundi la biti nane huitwa baiti. Mashine inazipenda hizi kwa sababu vijenzi vyake vya umeme vinatofautisha kwa uhakika hali mbili tu, umeme wa juu na umeme wa chini. Sisi ndio tunaoligeuza kila kundi kuwa namba ya kawaida, maana jicho la mtu hupotea haraka kwenye safu ya moja na sifuri 32. Kugeuza huko hakuna hesabu inayozidi kujumlisha, mradi uelewe kila nafasi ina thamani gani.

Thamani ya nafasi tuliisoma sote shule ya msingi: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Ukiiona 192, hujumlishi 1 na 9 na 2. Unajua kwamba 2 imekaa kwenye mamoja, 9 imekaa kwenye makumi kwa hiyo ni 90, na 1 imekaa kwenye mamia kwa hiyo ni 100. Kila ukisogea nafasi moja kwenda kushoto, thamani inazidi mara kumi. Mara kumi imetokana na kitu kimoja tu: tuna tarakimu kumi, kuanzia 0 hadi 9. Mamoja yakifika 9, ukiongeza moja, tarakimu zimekwisha. Unarudi kwenye 0 na kubeba moja kwenda nafasi inayofuata, na hiyo moja uliyoibeba inasimama badala ya kumi.

Sasa chukua namba zenye tarakimu mbili tu, 0 na 1. Hizi ndizo namba za bainari. Unaanza na 0, unaongeza moja, unapata 1. Ukiongeza moja tena, tarakimu zimekwisha tayari! Unarudi kwenye 0 na kubeba moja kwenda kushoto: 10. Hii haisomwi “kumi”. Inasomwa “moja sifuri”, na idadi yake ni mbili. Kwa hiyo nafasi ya pili ina thamani ya 2. Ongeza moja, unapata 11, yaani tatu. Ongeza tena, nafasi zote mbili zimejaa, unabeba hadi nafasi ya tatu: 100, yaani nne. Nafasi ya tatu ina thamani ya 4. Inayofuata ni 8, halafu 16, 32, 64 na 128. Kama vile kwenye namba zetu kila nafasi inazidi mara kumi, hapa kila nafasi inazidi mara mbili.

Darasani naleta mfano wa mizani ya sokoni, ile yenye sahani mbili na mawe ya chuma. Fikiria muuza nafaka mwenye mawe nane: la kilo 1, la kilo 2, la kilo 4, la 8, la 16, la 32, la 64 na la 128. La kila uzito analo moja tu. Kila jiwe lina hali mbili, ama limepanda kwenye sahani, ama limebaki mezani. Biti ikiwa 1, jiwe la nafasi hiyo limepanda. Ikiwa 0, limebaki. Kugeuza bainari ni kuhesabu uzito wa mawe yaliyopanda. Mawe yaliyobaki mezani hayaongezi uzito, lakini usiyaondoe kwenye safu, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha kila jiwe lililopanda ni lipi.

Tuchukue kundi la pili la anwani yetu. Andika thamani za nafasi juu, ukianza kulia na 1 na kuzidisha kwa mbili kila unaposogea kushoto. Chini yake panga biti, kila biti chini ya thamani yake:

```
128  64  32  16   8   4   2   1
  1   0   1   0   1   0   0   0
```

Moja zipo chini ya 128, 32 na 8. Jumlisha: 128 na 32 ni 160, ukiongeza 8 ni 168. Kundi la kwanza, 11000000, lina moja chini ya 128 na 64 tu, kwa hiyo ni 192. Makundi mawili ya mwisho yana moja kwenye nafasi ya 1 peke yake, kwa hiyo kila moja ni 1. Weka nukta katikati yake, na umeifikia 192.168.1.1 ya kwenye kibandiko.

Swali la 300 nalo limejijibu. Kundi lina mawe nane tu. Yakipanda yote, 11111111, uzito ni 128 + 64 + 32 + 16 + 8 + 4 + 2 + 1, yaani 255. Hakuna jiwe la tisa la kuongeza, na 256 ingehitaji nafasi ya tisa. Ukianzia 00000000 hadi 11111111 unapata namba 256 kwa sababu sifuri nayo ni mojawapo.

Nimesahihisha madaftari mengi ya wanaoanza, na makosa yanayorudi ni mawili. La kwanza ni kuipa nafasi ya mwisho kulia thamani ya 2 badala ya 1. Mtu amesikia kwamba bainari ni mambo ya mbili, basi anaanza na 2, 4, 8. Kwake 11000000 inakuwa 256 + 128, yaani 384. Kosa hili lina alama mbili. Ya kwanza ni kwamba jibu limepita 255, jambo lisilowezekana kwa biti nane. Ya pili inafaa hata kwa namba ndogo: ukianza na 2, majibu yako yote yatakuwa shufwa, na hata 00000001 itakupa 2. Kumbuka kwamba nafasi pekee yenye thamani ya witiri ni ile ya 1. Kwa hiyo namba inayoishia na biti 1 lazima iwe witiri, na inayoishia na 0 lazima iwe shufwa. Ukipata jibu, tazama biti ya mwisho kulia kabla hujafunga daftari.

Kosa la pili ni kuanza kuhesabu thamani kutoka kushoto. Linaeleweka, kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto. Lakini thamani zinakua kuelekea kushoto, sawa na mamoja, makumi na mamia. Anayezipanga kinyume anaipata 11000000 kuwa 1 + 2, yaani 3, na 10101000 kuwa 21. Hapa tazama biti ya kwanza kushoto. Ikiwa ni 1 na kundi lina biti nane, jiwe la 128 limeshapanda, kwa hiyo jibu haliwezi kuwa chini ya 128.

Ukitaka uhakika zaidi, ipo njia nyingine ya kufika kwenye jibu lilelile, na hii inakuruhusu kusoma kutoka kushoto. Anza na 0. Kwa kila biti, zidisha ulichonacho kwa mbili, kisha ongeza biti hiyo. Kwa 10101000 utapita hivi: 1, 2, 5, 10, 21, 42, 84, 168. Inakubali kwa sababu kila biti mpya inapoingia kulia, zilizotangulia zinasogea nafasi moja kushoto, na kusogea nafasi moja ni kuzidi mara mbili. Moja ya kwanza imezidishwa mara saba, na 1 ikizidishwa kwa mbili mara saba ndiyo 128 tuliyoiandika juu ya safu. Njia mbili zikikupa jibu moja, huna haja ya kumuuliza mtu.

Aliye na kompyuta yenye Paithoni anaweza kuhakiki kwa mstari mmoja, ambapo 2 inaieleza mashine kwamba tarakimu zilizo ndani ya alama za nukuu ni za bainari:

```
int("10101000", 2)
```

Jambo moja la kuangalia: namba za kompyuta hazimaanishi kitu kimoja kila mahali. Jumla tuliyoifanya inafaa pale ambapo baiti inahesabu kuanzia 0 hadi 255, kama kwenye anwani hizi. Baadhi ya programu hutumia biti ya kwanza kushoto kuonyesha namba hasi, na kwa mpangilio wao wa kawaida 11000000 husomwa -64. Kwa hiyo ukipewa biti tupu, uliza kwanza zinasomwa kwa mpangilio gani.

Karibu na anwani ya ruta, kwenye mipangilio ya simu au kompyuta, huwa kuna namba nyingine: 255.255.255.0. Sasa unaweza kuiona ilivyo ndani: moja 24 mfululizo, kisha sifuri nane. Moja hizo zinasema kwamba makundi matatu ya kwanza ni jina la mtandao, na vifaa vyote vya nyumba hiyo vinayashirikiana. Sifuri nane zinasema kwamba kundi la mwisho limeachwa kwa ajili ya vifaa. Ruta ni 00000001. Simu yenye anwani ya 192.168.1.7 ina 00000111 mwishoni, mawe ya 4, 2 na 1. Katika namba 256 za kundi hilo la mwisho, 0 ni ya mtandao wenyewe, na 255 hutumika kupeleka ujumbe kwa vifaa vyote kwa pamoja. Zinazobaki kwa ajili ya vifaa, ruta ikiwemo, ni 254.