Sentensi Inayosomwa Kabla Barua Pepe Haijafunguliwa

Juni 2012, kampeni ya Barack Obama ya kuwania muhula wa pili ilituma barua pepe ya kuomba michango. Mada yake ilikuwa ya maneno machache sana: alisema kwamba wapinzani watamzidi kwa fedha za kampeni. Barua hiyo moja iliingiza zaidi ya dola milioni 2.6.

Kabla ya kuituma kwa umma mzima, timu ya kampeni iliyokuwa Chicago iliyajaribu matoleo mengine 17 kwa makundi madogo ya wafuasi, na hili likayashinda yote. Baadaye wafanyakazi wa timu hiyo walisema wazi kwamba kubashiri mada itakayoshinda kulikuwa kunawashinda wao wenyewe. Ndiyo maana walipima badala ya kukisia.

Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kama ushindi wa mada nzuri. Lakini mada ile haikufanya kazi peke yake. Ilizungumza kwa nafsi ya kwanza, na jina la mtumaji lilikuwa la Obama mwenyewe. Kisha sentensi ya kwanza ndani ya barua ikaendeleza palepale: kwamba mambo yakiendelea hivyo, atakuwa rais wa kwanza wa zama hizi kuzidiwa kwa matumizi akiwa anatetea kiti chake. Msomaji aliyeipitia orodha ya barua zake aliona nani anasema, anasema nini, na kwa nini ni habari, vyote vikifuatana bila kukatika. Mada hiyohiyo ingetoka kwa mtumaji aliyejiita "Timu ya Kampeni", neno "mimi" lingebaki bila mwenyewe.

Kila barua pepe hujitambulisha kwa vitu vitatu kabla ya kufunguliwa. Cha kwanza ni jina la mtumaji, ambalo kwa kawaida huandikwa kwa herufi nzito. Cha pili ni mada. Cha tatu ni yale maneno hafifu ya kijivu yanayofuata mada, ambayo hapa yataitwa dondoo. Mtumaji wengi huikazania mada, jina wakaliacha kama mfumo ulivyoliweka, na dondoo wasiiguse kabisa. Msomaji naye havitenganishi. Anavisoma kwa mkupuo mmoja, tena kwa sekunde chache, na kutokana navyo anaamua kufungua, kupita au kufuta.

Dondoo ndiyo inayowaponyoka wengi, na sababu yake ni ya kiufundi. Barua pepe ina sehemu rasmi ya mtumaji na sehemu rasmi ya mada, ila haina sehemu rasmi ya dondoo. Programu ya kusomea, iwe Gmail au nyingine, huchukua tu maandishi ya mwanzo inayoyakuta ndani ya barua. Kama barua inaanza na ilani ya "Kama huoni picha, bonyeza hapa", hiyo ndiyo itakayokaa kando ya mada. Mwandishi amehangaika na maneno yake siku nzima, halafu nusu ya nafasi aliyopewa inazungumzia picha zisizoonekana.

Tuchukue mfano wa Sakosi ya walimu inayotaka kuwaarifu wanachama wake kwamba gawio la mwaka 2025 litaingia kwenye akaunti zao Ijumaa, 20 Machi 2026. Waliobadilisha benki wanatakiwa kufika tawini kabla ya Jumatano ya wiki hiyo. Rasimu ya kwanza, kama inavyotoka ofisi nyingi, ingeonekana hivi kwenye simu:

```
noreply
TAARIFA MUHIMU KWA WANACHAMA WOTE!!!
Kama huoni picha, bonyeza hapa. Ndugu mwanachama,
```

Hapa mwalimu hajui nani kaandika, kuhusu nini, wala afanye nini. Habari yenyewe ni njema, ni fedha yake, lakini hakuna hata neno moja la fedha lililojitokeza. Mistari yote mitatu imetumika na hakuna kilichosemwa.

Kazi ya kuirekebisha inaanzia ndani ya barua. Mwandishi ajiulize: mwanachama akishaisoma yote, atakuwa amejua jambo gani moja? Jibu ni kwamba gawio linaingia Ijumaa. Hilo ndilo liwe mada: "Gawio lako la 2025 linaingia Ijumaa". Ukihesabu pamoja na nafasi, ni herufi 35. Simu nyingi huikata mada baada ya herufi thelathini na kitu hadi arobaini hivi, kwa hiyo hii ina nafasi nzuri ya kuonekana yote, na hata ikikatwa mwishoni, neno "gawio" limetangulia.

Jina la mtumaji liwe lile ambalo mwanachama analijua: "Sakosi ya Walimu". Kama kuna ofisa ambaye wanachama wamezoea kuwasiliana naye, jina lake linaweza kuunganishwa na la Sakosi, lakini lisisimame peke yake kwa watu wasiomfahamu. Likishachaguliwa lisibadilishwe kila mwezi. Barua ya Januari ikitoka kwa "Sakosi ya Walimu", ya Februari kwa "Idara ya Fedha" na ya Machi kwa "Ofisi ya Meneja", mwanachama analazimika kila mara kuanza upya kujiuliza hawa ni akina nani.

Inabaki dondoo, na hapa pana mtego. Wazo la haraka lingekuwa "Hakiki akaunti yako sasa". Linatoa maelekezo, ni fupi, na linaendana na fedha. Lakini ndivyo hasa wanavyoandika matapeli wa mtandaoni. Jina la mtumaji ni maandishi tu. Yeyote anaweza kuandika "Sakosi ya Walimu" mbele ya anwani yoyote ile. Mifumo ya uthibitisho kama SPF, DKIM na DMARC hukagua anwani na kikoa kilichotumika, haikagui kama jina lililoandikwa ni la kweli. Mwanachama mwangalifu akiona jina la taasisi yake, habari ya pesa, na amri ya kuhakiki akaunti haraka, ana kila sababu ya kuifuta. Na afanye hivyo.

Kwa hiyo dondoo iseme jambo ambalo tapeli hana faida nalo: mwanachama aende mwenyewe mahali anapopajua. Barua sasa inaonekana hivi:

```
Sakosi ya Walimu
Gawio lako la 2025 linaingia Ijumaa
Umebadilisha benki? Fika tawini kabla ya Jumatano.
```

Mtumaji anajibu ni nani, mada inatoa habari, dondoo inaeleza nani anatakiwa kufanya nini na lini. Dondoo haikurudia mada kwa maneno mengine, kosa ambalo huonekana kila siku na ambalo hupoteza nafasi iliyo haba. Wala haikurukia habari nyingine, kama vile mkopo mpya wa pikipiki, ambayo ingemfanya msomaji asijue barua ni ya nini.

Ili dondoo hiyo ionekane, iwekwe mwanzoni kabisa mwa barua. Huduma nyingi za kutuma barua kwa wingi, Mailchimp ikiwamo, zina kisanduku maalumu cha kuiandika. Anayetengeneza barua kwa mkono huiweka kwenye sehemu iliyofichwa, mara baada ya kufungua `<body>`:

```html
<div style="display:none;max-height:0;overflow:hidden">
Umebadilisha benki? Fika tawini kabla ya Jumatano.
</div>
```

Dondoo ikiwa fupi, programu hujaza nafasi iliyobaki kwa maneno yanayofuata, na ile ilani ya picha inaweza kurudi kwa mlango wa nyuma. Watengenezaji hulizuia hilo kwa kuongeza mfululizo wa alama zisizoonekana, `&zwnj;&nbsp;`, baada ya dondoo.

Pamoja na hayo, mtumaji hana mamlaka kamili juu ya kinachoonekana. Gmail kwenye kompyuta huweka mada na dondoo kwenye mstari mmoja, hivyo mada ikirefuka dondoo inafupika. Kwenye iPhone, programu ya Mail huonyesha mistari miwili ya dondoo kama mtumiaji hajagusa mipangilio, lakini anaweza kuongeza hadi mitano au kuiondoa kabisa. Jambo ambalo barua haina maana bila hilo lisifichwe kwenye dondoo. Likae kwenye mada.

Kisha ahadi itimizwe. Sentensi ya kwanza ndani ya barua ya Sakosi inapaswa kuwa ya gawio, ikiwa na tarehe kamili, na ya pili iwe ya kwenda tawini. Mwanachama akifungua akakuta kwanza picha kubwa ya tangazo la mikopo, na gawio limewekwa chini kabisa, mistari ile mitatu imegeuka chambo.

Chambo kinaweza kufika hadi mahakamani. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2003 inayosimamia barua pepe za biashara inakataza mada za kudanganya na utambulisho wa uongo wa mtumaji. Jimbo la Washington lina sheria yake ya mwaka 1998, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliitafsiri katika shauri dhidi ya kampuni ya nguo ya Old Navy. Walalamikaji walidai kwamba mada za kampuni zilitangaza punguzo linakwisha ilhali liliendelea. Mahakama haikuulizwa kama kampuni ina hatia. Iliulizwa sheria inafika wapi, na kwa kura 5 dhidi ya 4 ikajibu kwamba inakataza habari yoyote ya uongo au ya kupotosha kwenye mada, si ile tu inayoficha kwamba barua ni ya biashara. Sheria hiyo iliweka fidia ya dola 500 kwa kila barua, na maduka hutuma barua kwa maelfu ya maelfu.

Mtumaji atajuaje kama mistari yake inasema kweli? Wengi huangalia idadi ya waliofungua, kipimo ambacho kimepoteza nguvu tangu Septemba 2021, Apple ilipoanza kuwapa watumiaji wa Mail kinga inayopakua picha za barua yenyewe, hata kama mtu hajaisoma. Dalili za kuaminika zaidi ni waliobonyeza kiungo, waliojibu, waliojitoa na walioripoti barua kuwa taka. Waliofungua wakiwa wengi, wanaobonyeza wachache, na wanaojitoa wakaongezeka, maana yake watu waliahidiwa kitu wasichokikuta. Tangu Februari 2024 Google inawataka wanaotuma barua kwa wingi wasifikishe malalamiko 3 kwa kila barua 1,000. Wanaovuka hapo hujiweka kwenye hatari ya barua zao kuishia kwenye taka, zikiwamo zile ambazo wateja wanazihitaji.

Kabla ya kutuma kwa wote, jitumie mwenyewe barua hiyo, ifike kwenye Gmail na kwenye iPhone. Usiifungue. Mpe simu mwenzako ambaye hakushiriki kuiandika, mwombe asome mistari mitatu na akueleze ndani kuna nini. Akikosea, usimweleze ulichokusudia. Rudi ukaiandike upya.