Dakika Kumi za Mwakilishi wa Darasa

Wiki ya kwanza chuoni, wanafunzi wapya wa uuguzi husikiliza hotuba nyingi. Mwakilishi wa muda wa darasa huachiwa dakika kumi za mwisho, na akizimaliza kwa kutangaza grupu la WhatsApp tu, amezipoteza. Picha za ubao zitachanganyika humo na salamu za asubuhi, na mitihani ikikaribia hakuna atakayejua ipi ni ya somo gani.

Hotuba yenye manufaa huanza na zamu. Tuseme darasa lina watu 60 na vipindi 10 kwa wiki. Wakigawanywa wawili wawili, kila jozi inashika zamu mara moja katika wiki tatu, mzigo ambao hata mvivu anaubeba. Siku ya zamu mmoja anaandika, na jioni mwenzake anapitia kila mstari akiwa na kitabu mkononi. Kila somo lina waraka wake mmoja wa Google Docs, na kila kipindi kinaanza na tarehe, mada na majina ya wenye zamu.

Hapo mwakilishi aeleze hatari yenyewe. Mwalimu anafundisha kwa Kiingereza kwamba dozi moja ya parasetamoli kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo. Aliyekaa nyuma anasikia 50. Kwa mtoto wa kilo 12, dozi sahihi ni miligramu 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa notsi zile inakuwa miligramu 600, mililita 25. Kosa hilo likiwa kwenye daftari la mtu mmoja, linamdhuru yeye. Likiwa kwenye notsi za pamoja, watu 60 wanalikariri, na kukubaliana kwao kunalifanya lionekane kweli.

Ndiyo maana ninaona sheria moja ni ya lazima: namba yoyote ambayo haijahakikiwa iwekewe alama ??, na anayeiondoa aandike ukurasa wa kitabu alikoipata. Isiondolewe kwa sababu mtu fulani ana uhakika.

Wenye zamu tu wapewe ruhusa ya `Editor`. Wengine wabaki `Commenter`, wakiona kosa waandike maoni pembeni. Mtu akifuta aya kwa bahati mbaya, `Version history` inarudisha waraka ulivyokuwa. Wasio na bando la kila siku wawashe `Available offline` wakiwa kwenye mtandao wa chuo, wasome bwenini bila intaneti.

Jambo la mwisho husahaulika kabisa: nyaraka zifunguliwe kwa akaunti ya darasa, nywila yake ikijulikana na watu wawili. Zikifunguliwa kwa akaunti ya mwakilishi mwenyewe, naye akahama chuo na kuifuta, notsi za mwaka mzima zitaondoka naye.